Jumamosi ya mlenda pale Majengo

Binti yangu alinipigia jana usiku. Kazini kwake kuna dada wanayekula naye mchana karibu kila siku, na maongezi yao yananoga kweli, lakini yanaishia mezani hapohapo. "Mama, nimwambieje tuonane siku nyingine, asije akaona namng'ang'ania?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu salio lilikuwa linakwisha. Tangu nikate simu nimekuwa nikiiwaza ile daladala ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Ilikuwa Agosti 2018. Dodoma ilikuwa imetangazwa kuwa jiji miezi michache nyuma, mji wa serikali wa Mtumba bado haujahamiwa, na wizara kadhaa zilikuwa zimejibanza kwenye majengo ya chuo. Dar nilikuwa nimeacha watu wote ninaowajua. Hapa nilikuwa na salamu nyingi tu, na moja ya salamu hizo ilikuwa ya dada mmoja wa Kigogo aliyepanda gari lilelile asubuhi. "Mbukwa," ananiambia, nami naitika nilivyofundishwa. Siku akipata siti karibu na yangu tunazungumza mpaka tunashuka, kisha kila mtu anashika njia yake.

Jumatano moja gari lilikuwa limesimama likisubiri kujaa. Upepo unapuliza vumbi, madirisha yamefungwa, ndani joto. Tulikuwa tunaongelea mlenda mkavu, ule wa unga. Nilitaka kumpelekea mama yangu Dar. Akanieleza namna ya kuuchagua: chukua kidogo uusugue kwa vidole, ukihisi chengachenga za mchanga ujue majani yalianikwa chini, uache. Alikuwa akisugua vidole vyake hewani huku anaeleza, kana kwamba unga uko pale. Nikaona hapa ndipo.

Nikamwambia: "Dada, Jumamosi asubuhi nitakuwa Majengo sokoni, kama saa tatu hivi, mpaka saa nne na nusu. Ukiwa una mizunguko ya huko nitafurahi tukiwa wote, unisaidie kuchagua. Ukiwa na mambo yako wala usijali, mimi naenda tu."

Akanyamaza. Akaweka sawa mkoba wake mapajani, akatazama nje ambako hakukuwa na cha kutazama zaidi ya vumbi. Mdomoni nilikuwa na maneno matatu manne ya kuongezea: kwamba sitamchelewesha, kwamba nitalipa nauli, kwamba tunaweza kwenda siku nyingine yoyote. Niliyameza yote. Konda akapita akidai nauli, tukatoa, chenji ikarudi. Ndipo akasema, "Jumamosi hii hapana, dada. Nina kipaimara cha mtoto wa shangazi, Bahi. Ila ile inayofuata huwa naenda Majengo kununua karanga."

Hiyo "ila" ndiyo niliyokuwa naisubiri bila kujua. Mtu akikwambia hapana akaishia hapo, unamwacha apumue. Akikwambia hapana kisha akakupa siku nyingine yeye mwenyewe, huyo anataka, ila kabanwa tu.

Nimewaza mara nyingi kwa nini maneno yale yalipita. Sikumwambia "karibu nyumbani". Sote tunajua karibu nyumbani isiyo na siku ni adabu tu, haimfikishi mtu popote. Nayo yenye siku ni nzito: mwenyeji apike, mgeni asije mikono mitupu, halafu naye abaki anadaiwa kukualika kwake. Kwa watu wanaojuana kwa salamu za garini, huo ni mzigo. Sokoni hakuna mwenyeji. Kila mmoja ana haja yake, anakuja na hela yake, na akichoka anaondoka bila kuaga kwa maelezo. Nilimtajia pia saa ya kumaliza. Mtu asiyekujua vizuri huogopa kuganda na wewe mchana kutwa, na ukimwonyesha mwisho uko wapi, mwanzo unakuwa mwepesi.

Na ile "mimi naenda tu" ilikuwa kweli. Jumamosi ile ya kwanza nilikwenda Majengo peke yangu, nikanunua vitunguu na dagaa. Kama ningesema hivyo halafu nikabaki nyumbani nimenuna, Jumatatu angeyasoma usoni mwangu, na hiyo hapana yake ingekuwa deni.

Wiki iliyofuata sikuligusia suala hilo garini. Ijumaa jioni nikamtumia ujumbe mmoja: "Kesho saa tatu niko Majengo kama tulivyosema. Ukipata nafasi karibu, ukikosa tutaonana Jumatatu." Hauna swali ndani, kwa hiyo hata asipojibu hajanikosea. Hakujibu. Saa tatu na robo nikamwona anakuja kati ya mafungu ya nyanya, kikapu mkononi, anacheka.

Tulizunguka kwa wauza mlenda. Kwa wa kwanza dada akausugua, akatikisa kichwa. Kwa wa pili vilevile. Kwa wa tatu akanishika mkono, akanimwagia kidogo kiganjani ili nihisi mwenyewe, laini kama poda. Nikanunua, yeye akanunua karanga zake, kisha tukanywa chai na chapati, kila mtu akalipa yake. Saa nne na nusu nikasimama niende. Sikutaja siku nyingine. Yeye ndiye aliyesema zabibu zimeanza kuingia na anamfahamu mtu mwenye shamba. Mengine mnayajua, maana ndiye mama mdogo wa wanangu sasa.

Baadaye sana nilisoma utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, uliotoka mwaka uleule wa 2018. Aliwafuatilia Wamarekani, wengine wakiwa watu wazima waliohamia mahali papya kama mimi, akakadiria kwamba mtu unayejuana naye anahitaji saa kama 50 za kuwa pamoja ndipo awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ndipo awe wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito kama zile za kustarehe pamoja. Sijui kama kwetu hesabu ni ileile. Lakini utafiti huo ulinieleza kwa nini daladala peke yake isingetosha, na kwa nini mwaliko wa kwanza hauhitaji kuwa mkubwa: kazi yake ni kuzitoa hizo saa nje ya njia ya kazini, basi.

Binti yangu nimemwandikia haya yote, pamoja na lingine ambalo sina jibu lake. Mwaka uleule nilimwalika mama mwingine, wa ofisi ya jirani, kwa upole uleule. Chai, Nyerere Square, nusu saa baada ya kazi. Akasema, "Tutaangalia." Sikuulizia. Baada ya kama miezi miwili nikamwalika tena, safari hii kwenye maonesho, akasema, "Tutaangalia," kwa tabasamu lilelile zuri. Nikaachia hapo. Huenda alikuwa na mgonjwa nyumbani, huenda marafiki alionao walimtosha. Binti yangu ameuliza kama ningejaribu mara ya tatu. Nimemwambia mimi sikujaribu, na kwamba yule mama bado tunasalimiana kwa furaha, anauliza watoto, namuuliza wajukuu. Kama ya tatu ingefungua mlango au ingeiharibu hata hiyo salamu, kwa kweli sijui.