Saa tatu mpaka saa saba: siku yangu moja Raiganj

Saa 12 asubuhi

Nimekaa Raiganj, wilaya ya Sirajganj, Bangladesh, kwa ajili ya mafunzo ya afya ya jamii. Mimi ni muuguzi wa Ukerewe, nimezoea ziwa, lakini maji ya huku yalinishangaza. Hakuna ziwa kubwa. Kuna vidimbwi, na karibu kila boma lina chake. Ardhi ni tambarare na hufurika, kwa hiyo mtu akitaka kujenga anachimba udongo, anainua kiwanja, na shimo lililobaki linajaa maji. Humo wanaosha vyombo, wanafuga samaki, wanaoga. Dimbwi la nyumba ninayolala liko hatua chache kutoka mlango wa jiko.

Watoto wengi wanaozama hapa hufia umbali usiozidi mita 20 kutoka nyumbani kwao. Utafiti wa taifa wa mwaka 2003 uligundua kwamba kuzama ndiko kulikokuwa kunaua watoto wengi zaidi wa umri wa mwaka 1 hadi 17, takribani 17,000 kwa mwaka. Hadi hapo ilidhaniwa kwamba wauaji wakubwa wa watoto ni magonjwa.

Saa 2

Kwenye baiskeli na dada mkalimani. Kabla ya kituo cha kulelea watoto tunapita boma lenye mtoto wa miaka miwili hivi. Mama anachochea moto, shemeji yake yuko shambani, na mwenye zamu ya kumtazama mdogo ni dada yake wa miaka saba. Hivyo ndivyo saa za hatari zinavyokuwa: baba ametoka, mama ana sufuria mbili na nguo za kufua, mlinzi ni mtoto mwenyewe. Vifo vinajikusanya kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, na vinaongezeka msimu wa mvua. Mtoto wa umri huo anapozama hapigi kelele, anateleza tu. Mama anagundua anapomkosa.

Saa 3

Kituo, ambacho hapa huitwa Anchal, kinafunguliwa. Ni chumba kimoja katika nyumba ya mwanamke wa kijijini, anayeitwa Anchal Ma, pamoja na msaidizi wake. Watoto ni hadi 25, kuanzia wanaotambaa hadi wa miaka mitano, siku sita kwa wiki, ila Ijumaa. Mlangoni kuna kizuizi. Wanaimba, wanapanga vipande vya mbao, wanalala. Mgeni anaweza kudhani ni chekechea ya kawaida, na ni kweli inafanya kazi hiyo pia. Ila saa zake zimechaguliwa kwa makusudi, zifuate saa za vifo.

Nilipomuuliza Anchal Ma kazi yake ya kwanza ni ipi, alinijibu kwa utulivu, akiniita dada kwa Kibengali: "Apa, kwanza nahesabu. Nyimbo baadaye." Anahesabu wakiingia, wakitoka chooni, na kabla ya kumkabidhi mama yeyote.

Saa 4 kasoro

Hesabu haijatimia. Mvulana wa miezi 22 hakuja na hakuna aliyetoa taarifa. Msaidizi anakwenda kwao, nami nafuata. Tunamkuta uani, anachezea kata kando ya ndoo, dimbwi likiwa nyuma ya mgomba. Shangazi yake amefika jana usiku kutoka mjini. Mama akaona leo nyumba ina watu wengi, hakuna haja ya kumpeleka.

Nimeandika sana kuhusu boma hili katika daftari langu. Watu wazima walikuwa watatu, na kila mmoja aliamini mwingine anatazama. Mama anajua kabisa kwamba dimbwi linaua. Asichokuwa nacho ni mtu ambaye kazi yake saa hiyo ni mtoto huyo peke yake. Msaidizi hakumkaripia. Alimwita shemeji akasema, "Bhabi, mgeni atakunywa chai na wewe, huyu nampeleka kwa wenzake," akambeba.

Saa 5

Hapo hapo bomani kuna kizimba cha mbao cha kuchezea, kilichobaki kutoka mradi wa zamani. Sasa kina kuku. Raiganj waliwahi kujaribu vizuizi vya milango na vizimba, na familia zilipenda vizimba zaidi, maana mlango wa nyumba ya kijijini unapitwa na watu kutwa nzima na kizuizi kinaachwa wazi. Lakini kizimba kina umri wake. Mtoto wa miezi kumi anakaa. Akianza kupanda, anatoka mwenyewe au analia mpaka anatolewa.

Baadaye SoLiD, utafiti mkubwa wa kuzuia watoto kuzama uliohusisha watoto zaidi ya 100,000 katika maeneo saba, uligawa vizimba, vituo kama Anchal, au vyote viwili. Vituo vilionyesha kupunguza vifo waziwazi. Kwa vizimba peke yake ushahidi haukutosha. Binafsi sishangai: kizimba kinampa mama nafasi ya kugeuza mgongo, na kinategemea kwamba mtoto bado yumo.

Utafiti wa awali wa vituo, uliochapishwa 2012, ulikuta hatari ya kuzama kwa watoto wa Anchal ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na wasiohudhuria. Tahadhari moja: familia zilijipeleka zenyewe, hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu, na huenda mzazi anayempeleka mtoto kila siku ni mwangalifu hata jioni. Sehemu ya tofauti inaweza kuwa hiyo. Siamini kwamba ni yote.

Saa 9 alasiri

Kwenye dimbwi la mafunzo ya kuogelea. Wamejenga jukwaa la mianzi ndani ya maji lenye uzio pande zote, ili kina kijulikane. Wanafunzi ni wa miaka sita na kuendelea, umri ambao Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza. Mtoto anafuzu akiweza kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30. Nilichokipenda zaidi ni somo la kuokoa: mwenzako akizama usimrukie, mnyooshee mti ukiwa nchi kavu, maana mara nyingine watoto huzama wawili wawili.

Mzee mmoja ukingoni aliuliza swali ambalo hata Ukerewe ningeulizwa: mkiwafundisha, si ndio watayazoea maji na kufa zaidi? Watafiti walilichunguza hapa hapa Bangladesh na hawakukuta kwamba waliofundishwa wanaingia majini ovyo kuliko wengine. Ila somo hili halimsaidii yule wa miezi 22. Ni la kaka yake.

Saa 11 jioni

Mafunzo ya wanakijiji. Bado wapo wanaombeba aliyezama na kumzungusha kichwani ili maji yatoke. Dakika zinapotea bure na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Tunafanya kwa mwanasesere: mlaze, mpulizie pumzi kwanza, kisha kandamiza kifua, huku mwingine akitafuta usafiri.

Saa 2 usiku

Naandika pendekezo la kwetu, na nimefuta saa za Anchal kwenye rasimu. Kisiwani wanawake wa dagaa huwa mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi, wakinunua na kuanika mpaka jua liwe kali. Kituo kikifunguliwa saa 3, mama ameshamaliza saa zake mbaya zaidi. Kwetu kifunguliwe saa 11 alfajiri, na kabla ya kuchagua mlezi nitawauliza wanawake wenyewe ni siku zipi za mwezi hawashuki ziwani, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali dagaa havuliwi na kituo kitakuwa kinalipia mlezi chumba kitupu.