Kisanduku Kilichofutwa na Flashi

Mpwa wangu wa shule ya upili hapa Lamu aliniletea swali la hesabu likiwa kwenye simu: je, wakati wa safari na kuwa na mizigo ni matukio huru, yaani kujua moja hakubadilishi uwezekano wa lingine? Lilikuwa picha ya jedwali la abiria 120 wa boti za Mokowe, iliyopigwa upogoupogo, na mwanga wa flashi ulikuwa umefuta kisanduku kimoja: abiria wa asubuhi wenye mizigo. Nililinakili jedwali kwenye karatasi, kwa kuwa katika picha iliyoinama jicho huruka kwa urahisi kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Asubuhi walisafiri 80, na 44 kati yao hawakuwa na mizigo. Alasiri walisafiri 40, wenye mizigo 9 na wasio nayo 31. Jumla ya wenye mizigo ilikuwa 45.

Shemeji yangu, ambaye barazani hakuna asilolijua, alishauri tuzidishe 80 kwa 45, tugawe kwa 120, kisha tuandike 30 katika kisanduku kile. Ushauri huo uliniudhi, kwa sababu hesabu hiyo inachukulia kwamba wakati wa safari na mizigo ni matukio huru, ilhali hilo ndilo tulilotakiwa kulichunguza. Anayeijaza nafasi namna hiyo atapata jibu la "huru" daima, hata jedwali liseme nini.

"Mjomba, basi tutaijuaje?" aliuliza kijana.

Nilimwambia atoe 44 kwenye 80, akapata 36. Kisha atoe 9 kwenye 45, akapata 36 tena. Napenda sana njia hizi mbili zinapokutana, maana namba iliyosomwa vibaya pichani hujifichua hapo hapo. Ile 30 ya shemeji ingeufanya mstari wa asubuhi ujumlike kuwa 74.

Uwezekano wa abiria kuwa na mizigo, kwa sharti kwamba amesafiri asubuhi, ni 36/80, yaani 0.45. Sharti ndilo linalochagua kigawanyo: tukishajua ni asubuhi, wale 40 wa alasiri wanatoka katika hesabu. Ukigeuza swali, ukauliza uwezekano wa kusafiri asubuhi kwa aliye na mizigo, kigawanyo kinakuwa 45 na jibu ni 0.8. Wengi huchanganya haya mawili.

Bila sharti lolote, uwezekano wa kuwa na mizigo ni 45/120, yaani 0.375. Kwa kuwa 0.45 si sawa na 0.375, matukio hayo si huru miongoni mwa abiria hao 120.

Na ile 30 haikuwa ya kutupwa kabisa. Ndiyo idadi ambayo ingekuwa katika kisanduku kile iwapo matukio yangekuwa huru, kwa hiyo mahali pake ni pembeni, ilinganishwe na 36. Kama abiria hao ni sampuli tu ya wasafiri wote, tofauti hiyo ya 6 ndiyo inayopimwa kwa jaribio la kai mraba, kwani sampuli huweza kutofautiana kidogo kwa bahati tu.