Barua Fupi ya Punguzo kwa Wanaolipa Mapema

Hapa Tabora ninauza asali kwa jumla, na wateja wangu wa maduka huwa na siku 30 za kulipa ankara. Msimu wa kurina, ninapohitaji fedha za kuwalipa warina asali, niliwaandikia kwamba atakayelipa ndani ya siku 10 atapata punguzo la asilimia 2. Mteja mmoja alilipa siku ya 14 akiwa amejikatia punguzo, kwa sababu alizihesabu siku tangu mzigo ulipomfikia, na kwa kweli barua yangu haikuwa imesema zianze lini.

Sasa ninaandika tarehe na kiasi chenyewe, nisimwachie mtu hesabu:

"Ndugu mteja, ankara yako ya tarehe 3 Juni ni shilingi 1,500,000. Fedha zikiingia katika akaunti yetu kufikia tarehe 13 Juni, utalipa shilingi 1,470,000. Baada ya hapo utalipa kiasi kamili, kabla ya tarehe 3 Julai kwisha. Malipo ya sehemu hayana punguzo."

Maneno "zikiingia katika akaunti" ni ya lazima, kwa maana hundi iliyoandikwa tarehe 13 bado si fedha mkononi. Punguzo hili silitoi mwaka mzima, kwani kutoa shilingi 30,000 ili kupata fedha siku 20 mapema ni sawa na mkopo wa riba ya takriban asilimia 37 kwa mwaka.