Dipoziti imerudi, ila nimebishana kweli
Jamani nimehama kile chumba, mwenye nyumba akanikata karibu nusu ya dipoziti, eti rangi ya chumba kizima na kitasa kipya. Rangi! Nimekaa pale miaka 4, rangi lazima ifubae, huo ni uchakavu wa kawaida sio uharibifu, na uchakavu ndo umo kwenye kodi niliyokuwa nalipa kila mwezi. Iliniuma sana.

Sikumpigia simu, nilimwandikia meseji ili ibaki ushahidi, nikamwomba anitajie kila kitu alichokata, bei yake na risiti ya fundi. Akaleta jumla tu, risiti hana. Kwenye kitasa nikamtumia picha niliyopiga siku naingia, unaona kabisa skrubu moja haipo na mkono umelegea, na hiyo picha nilishamtumia siku ileile kwahiyo tarehe ipo kwenye simu yake mwenyewe, hapo akanyamaza.

Matundu mawili ya kibanio cha tivii nilikubali maana ni yangu, ila nilipie kuziba na kupaka pale tu, sio kuta zote nne. Nikamwandikia hesabu yangu na siku ya mwisho ya kunilipa, kwamba ikipita napeleka mkataba, picha na meseji kwenye baraza la ardhi na nyumba. Akabisha kidogo alafu akatuma hela, akakata ya matundu tu. Wanaohama mwezi huu, msitoe funguo kabla hamjakagua chumba pamoja na kusaini wote wawili.