Biashara Ikue, Heshima Ibaki

Juzi tulipita sokoni na binti yangu, akasoma kwa sauti tangazo la mkopo lililoandikwa kwenye mwamvuli wa muuza vitunguu. Akanigeukia: "Mama, kwani heshima nayo inakopeshwa?" Nilimjibu harakaharaka tukaendelea na manunuzi. Lakini tangu hapo nimekuwa nikimkumbuka mama mmoja wa nyanya pale soko la Ilala, na ile alfajiri aliyonikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari la kaulimbiu likiwa mapajani.

Wakati huo nilikuwa kitengo cha masoko cha taasisi moja ya mikopo. Ni kabla ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, iliyokuja kuwataka watoa mikopo wawe na leseni. Tulikuwa tunaandaa mkopo wa wafanyabiashara wa sokoni: laki tano za kuanzia, vikundi vya watu watano wanaodhaminiana, marejesho kila wiki kwa wiki 16. Tuliambiwa kaulimbiu iseme kukua, na iseme heshima. Ofisini iliyopendwa zaidi ilikuwa "Kutoka Meza Hadi Duka". Nilitaka kuisikia kwanza masikioni mwa mtu wa sokoni, kabla haijapelekwa kuchapwa.

Nilifika saa kumi na moja, lori la nyanya za Ilula ndiyo linashushwa. Yule mama alikuwa ameshaingia kazini. Alifunua nyasi juu ya tenga, akaziacha nyanya za juu, akapenyeza mkono ubavuni hadi chini kabisa. Akatoa moja, akaibonyeza kidogo karibu na kikonyo, akainusa, akairudisha. Tenga la pili hivyohivyo. La tatu mkono ulitoka umelowa. Akajifuta kwenye khanga, akasogea bila neno. Dalali alisimama pembeni anamsubiri, wala hakumharakisha.

Hatua chache pale kulikuwa na mwenzake aliyekuja kuchukua mali kauli, maana yake unabeba mzigo sasa, hela unaleta jioni ukishauza. Huyo hakufunua nyasi. Dalali alimwonyesha tenga kwa kidole, akamtajia bei iliyozidi ya wenzake, naye akaitika na kumwita mbeba mzigo.

"Umeona?" mama akaniuliza, macho bado kwenye matenga yake. "Mimi leo nina taslimu. Mwezi wa pili nilikuwa kama yule. Unapewa, huchagui. Ukifika mezani unakuta robo nzima ni maji, na jioni deni ni lilelile."

Nikamsomea kaulimbiu zangu. Kwenye ile ya meza na duka alitikisa kichwa. "Duka la nini, mwanangu? Kodi ya miezi sita, halafu nyanya nimfungie nani ndani? Wateja wangu wanapita hapa wakienda kupanda gari. Mimi kukua kwangu ni kununua kwa taslimu kila siku, na tenga nilichague mwenyewe."

Nikamsomea ya mwisho, niliyoiandika mwenyewe: "Biashara Ikue, Heshima Ibaki". Hii aliirudia polepole. Kisha akaomba daftari na kalamu. "Haya, tupige hesabu tuone kama inabaki."

Hesabu ile ninayo mpaka leo, kwa mwandiko wake. Laki tano, tukikata ada na akiba ya lazima, mkononi anapata 440,000. Riba yetu ilikuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya laki tano yote mpaka mwisho, hata akiwa ameshalipa nusu. Miezi minne ni 70,000. Jumla 570,000, kwa wiki 16, ni kama 35,600 kila wiki. Yeye huuza matenga mawili kwa siku, siku sita. Siku hizo tenga lilikuwa likimwachia faida ya 7,000 hivi, kwa hiyo wiki nzima 84,000. Akitoa marejesho anabaki na kitu cha kula na ada ya mtoto. "Hapo sawa," akasema. "Sasa ngoja nyanya zijae."

Nyanya zikijaa bei inaanguka, faida inashuka hadi 3,000 kwa tenga. Mara 12, ni 36,000. Akaweka kalamu chini. Marejesho yanaimaliza yote, nyumbani hawajala, na tenga lililooza bado hajalihesabu. Wiki mbili za namna hiyo anaanza kulipa kwa mtaji, na mtaji ukishakatika anarudi kwenye mali kauli, safari hii akiwa na deni la taasisi juu yake. Kuongeza matenga hakumsaidii, kwa sababu nyanya haikai, na wateja wa meza yake ni walewale. Akaniambia kwamba laki mbili zingemtosha kabisa. Hizo nyingine zingekwenda kwenye matumizi huku riba inazihesabu.

"Na hiyo wiki nikikwama, afisa wenu ananifuata wapi? Hapa mezani? Mbele ya wateja?"

Sikuwa na jibu. Nilijua utaratibu wetu: kikundi hakiondoki kwenye mkutano mpaka marejesho yatimie, na asiyefika anafuatwa alipo, mara nyingi na wenzake wanne walewale waliomdhamini.

Niliporudi ofisini nililipeleka lile daftari kwa mkuu wa mikopo na kumwambia kaulimbiu hii tutaistahili tukibadilisha masharti. Alinisikiliza vizuri. Naye alikuwa na hoja, na mpaka leo siwezi kuipuuza. Huyu mama hana hati ya nyumba, akasema, hana kadi ya gari. Dhamana yake ni wenzake kumwonea haya na yeye kuwaonea haya. Tukiiondoa haya hiyo, nani atalipa? Na wasipolipa, nani atawakopesha tena? Nikamwambia kwamba kuona haya mbele ya wenzako wanne ni jambo moja, na kuaibishwa mbele ya anayekununulia nyanya ni jingine kabisa, kwa sababu mteja akishakuona unadaiwa anaanza kukupangia bei.

Tulivutana sana. Mwishowe yalikubaliwa mambo mawili: marejesho yaanze wiki ya tatu, ili pesa iwe imezunguka kwanza, na afisa asidai mezani. Kiwango cha kuanzia kilibaki laki tano, kwa maelezo kwamba mkopo wa laki mbili haulipi hata nauli ya afisa. Riba nayo haikuguswa. Kaulimbiu ikapita, ikachapwa kwenye fulana na miamvuli.

Yule mama alikopa, akalipa yote, hakurudi kwa mkopo wa pili. Nilimuuliza sababu. Alisema wenzake sokoni wameanzisha kikoba, anachukua laki moja na nusu anapoihitaji, na wiki nyanya zinapojaa wanakaa chini kujadili nani asogezewe tarehe. Akaongeza kwamba lile sharti la kutodaiwa mezani lilifuatwa miezi ya mwanzo, na kwamba kwa hilo anatushukuru. Baadaye, hasa mwisho wa mwezi maafisa walipokuwa wanakimbizana na malengo, alianza kuwaona tena katikati ya meza, wamevaa fulana zenye maneno yangu mgongoni.

Nimeshajiuliza mara nyingi kama ningepaswa kulizuia neno heshima lisitoke kabisa. Lakini bila neno hilo, sijui ningemwendea mkuu wa mikopo na hoja gani.