Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa sindano za moyo

Watu wakisikia nafanya kazi kliniki ya moyo hudhani nashinda na wazee wa presha. Wagonjwa wangu wengi ni wanafunzi na kina mama vijana. Waliumwa koo utotoni, koo likapona lenyewe, na wiki chache baadaye ikaja homa ya rumatiki iliyowaachia makovu kwenye milango ya moyo. Kazi yangu ni kuwachoma sindano ileile kila baada ya wiki nne, mwaka hadi mwaka, ili makovu hayo yasiongezeke. Ni kazi isiyopigiwa makofi na mtu, kwa hiyo naomba leo mkae nami siku moja ya kliniki.

Saa 11:00 alfajiri

Huku Nyanda za Juu Kusini mwezi huu baridi inakata masikio. Naandaa chai, naamsha watoto, natoka. Daladala ya kwanza imejaa, napanda ya pili.

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua chumba, nahesabu vichupa vya benzathini penisilini, naweka adrenalini na mashine ya presha karibu na kitanda. Benchi la nje limeshajaa. Kila anayeingia namuuliza kama amekunywa chai na kula kitu, kwa sababu mwenye njaa na hofu huanguka upesi akichomwa. Ambaye hajala anakwenda kununua uji kwanza, hata kama ni wa kwanza kwenye foleni.

Saa 2:00 hadi saa 5:00

Ni sindano tu. Benzathini ni unga unaochanganywa na maji ya sindano, ukawa mzito mweupe, na usipotikiswa vizuri unaziba sindano katikati ya msuli wa mtoto. Nakishika kichupa kiganjani mpaka kipate joto, namlaza mgonjwa, natafuta sehemu ya juu ya nje ya kalio, nasukuma polepole kwa dakika mbili au tatu huku nikimpigisha stori za shule. Ukisukuma kwa haraka unamuumiza, na mtoto aliyeumizwa harudi mwezi ujao. Wenzangu wa wodi nyingine wananicheka kwamba nachukua robo saa kwa sindano moja. Waache wacheke. Wa kwangu wanarudi.

Baada ya sindano kila mmoja anakaa nusu saa nikimwangalia ndipo aondoke. Naandika tarehe ya kurudi kwenye kadi yake na kwenye daftari langu. Asubuhi nzima inapita hivyo, na mgongo unaanza kudai.

Saa 5 na kitu

Akaingia baba mmoja na binti yake wa miaka 13. Hakuketi. "Sista, nimeacha gunia za viazi stendi, gari linaondoka saa saba. Mwandikie huyu dawa za magoti twende."

Nikafungua daftari. Binti nilimjua. Miaka miwili nyuma aliumwa koo, mafindofindo yakavimba, nyumbani wakampeleka akakatwa kimeo. Koo likaacha kuuma, kama ambavyo lingeacha hata asingekatwa, na kila mtu akasema kimeo ndicho kilichokuwa tatizo. Wiki kama tatu baadaye akapata homa na goti likavimba. Siku mbili goti likapoa, kifundo cha mguu kikashika, kisha kiwiko. Akatibiwa malaria. Majirani wakasema ni baridi. Maumivu yalipoisha hakuna aliyemfikiria tena, mpaka alipoletwa kwetu anakohoa usiku na daktari akasikia moyo wake unapiga mvumo. Eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha mlango wa mitro, ule wa upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, unavuja kidogo. Tukamwanzishia sindano. Alikuja vizuri kwa miezi kadhaa, halafu akapotea. Nilipiga simu, namba haikupatikana.

"Baba, mbona mliacha?"

"Alipona, Sista. Anacheza, anachota maji. Mtu haumwi, achomwe ya nini? Na nauli je?"

Swali hili nalisikia kila wiki, na kila wiki linanichosha, lakini silaumu. Sindano nyingine zote alizowahi kuona zilikuwa za mgonjwa. Nikamvutia kiti akaketi, nikamweleza kwa utaratibu, nami hapa nitawaeleza nanyi.

Koo la binti lilishikwa na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Mwili ukatengeneza kinga ya kumpiga. Bahati mbaya, sehemu za ganda la bakteria huyu zinafanana na chembe za moyo wetu, na kwa baadhi ya watoto ile kinga haitofautishi. Inashambulia maungio, na ndiyo sababu magoti huvimba kwa kuhamahama. Wengine inawagusa ubongo, mikono ikawa inarukaruka, vikombe vinaponyoka na watu wanasema ana mashetani. Maungio hupona kabisa. Mlango wa moyo haurudi ulivyokuwa. Unavimba, unapona kwa kovu, unakuwa mnene na kukunjamana, haufungi sawasawa, na damu inarudi ulikotoka. Miaka ikipita kingo zake huweza kushikana na mlango ukawa mwembamba, damu ikapita kwa shida na kurundikana kwenye mapafu.

"Sasa, baba, bakteria yule hajaisha duniani. Yuko shuleni, yuko bwenini. Akimpata tena binti, mwili wake unakumbuka na kushambulia tena, na kila shambulio linaongeza kovu juu ya kovu. Sindano haitibu kovu lililopo. Inamzuia bakteria asimpate. Dawa inakaa kwenye msuli ikitoka kidogo kidogo, na ikifika wiki ya nne imebaki kidogo sana. Ndiyo maana tarehe ni tarehe."

Akatazama saa. "Lakini leo tatizo ni goti."

Hapo ndipo niliposhtuka. Nikamlaza binti. Goti la kulia lina joto na limevimba. Nikamuuliza koo lilimuuma lini, akasema kabla ya shule kufunga, kama wiki tatu. Nikahesabu mapigo akiwa ametulia: 118 kwa dakika, bila homa kubwa ya kuyapandisha. Nilipomwambia alale chali akaomba mto wa pili. Nikamuuliza tangu lini analala na mito miwili. Baba yake hakujua kabisa. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Tangu wiki iliyopita, siwezi kupumua nikilala chini."

Nikatoka kumfuata daktari. Alikuwa wodini, akaja baada ya muda uliomfanya baba asimame mara kadhaa akiniambia gari litamwacha. Nilikuwa na njaa, foleni inanung'unika, na nilitamani kumjibu vibaya. Sikumjibu. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja aliyebadilishiwa mlango wa moyo Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akawekewa wa chuma. Alikuwa amesikia yote. Akamsogelea yule baba, akamwambia, "Kaka, sogeza sikio hapa kifuani." Ukiwa karibu naye unasikia mlango ule ukigonga, tik, tik, kila moyo unapopiga. "Mimi nilianza na magoti hivihivi, darasa la sita. Sasa nakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku mpaka kufa, napimwa damu kila mara isiwe nyepesi sana wala nzito sana, na kila mimba kwangu ni hatari kwa sababu ya dawa hiyo. Gunia za viazi zitaoza, utalima nyingine."

Baba akaketi.

Daktari akafanya eko. Nilisimama nyuma yake kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu nataka kuona ninachokilinda. Jani la mbele la mlango wa mitro limekuwa nene, halifiki kwa mwenzake, na pale kwenye picha ya rangi damu inaonekana ikirudi nyuma kwa mkupuo mpana kuliko picha ya mwanzo. Chumba cha juu kushoto kimetanuka. Misuli ya moyo bado ina nguvu, daktari akasema, na hilo lilikuwa muhimu hata kwa sindano yangu: mgonjwa ambaye mlango umeharibika vibaya sana na moyo umechoka anaweza kuzimia na kufa kwa mshtuko wa sindano yenyewe, na huyo tunampa vidonge vya penisilini asubuhi na jioni. Binti alikuwa hajafika huko. Akalazwa, apumzike kitandani, apewe dawa ya kupunguza maji na aspirini kwa ajili ya goti. Nikampima uzito, kilo 38, dozi kamili, uniti 1,200,000. Nikamchoma taratibu nikiwa nimemshika mkono. Kuanzia sasa atachomwa kila wiki tatu, si nne, na kwa mlango ulioharibika hivyo huenda ni mpaka afikishe miaka 40.

Baba akauliza, "Angekuja kila mwezi isingefika hapa?"

Sikutaka kumtwisha mzigo, wala sikutaka kumdanganya. Nikamwambia kuhusu utafiti wa kaskazini mwa Uganda uliochapishwa 2021, ambao ulifuata watoto na vijana 818 wenye ugonjwa wa mwanzo, ulioonekana kwa eko tu. Baada ya miaka miwili, kwa waliochomwa kila mwezi, chini ya mmoja kati ya 100 ndiye aliyezidiwa. Kwa wasiochomwa, wanane kati ya 100. Akanyamaza, kisha akatoa simu akampigia mtu wa stendi ashushe viazi.

Mchana, sijui saa ngapi

Waliobaki kwenye foleni nikawamaliza. Chakula nilikula nimesimama. Vichupa vikaisha kabla ya watu, nikaenda stoo, mhusika hayupo, nikangoja. Mama mmoja akaondoka akisema atarudi kesho. Nimeandika namba yake, kesho asubuhi nitampigia kabla hajabadili mawazo.

Jioni

Kabla ya kutoka napiga simu za waliopitisha tarehe. Kijana mmoja amehamia mgodini, nikamwelekeza kituo cha afya cha huko. Wengine hawakupokea. Nikampitia binti wodini. Analala na mto mmoja na nusu, baba yake amekaa pembeni anamenya chungwa.

Nimefika nyumbani gizani. Jirani akanisubiri mlangoni: "Dada, hebu mwangalie mwanangu koo, ni mafindofindo tu, nimempa asali na limao." Mtoto ana miaka saba. Nikawasha tochi ya simu. Mafindofindo mekundu yenye madoa meupe, tezi za shingo zinauma nikizigusa, joto lipo, hakohoi wala mafua hana. Kukosa kikohozi na mafua ndiko kulikonifanya nisiseme ni virusi. Siku ya nne leo. Nikamwambia tuna nafasi: dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, homa ya rumatiki inazuilika. Kesho saa mbili ampeleke zahanati. Watampa ama sindano moja ya benzathini, ama vidonge vya siku kumi, na vya siku kumi ni siku kumi hata kama koo limepoa siku ya tatu.

Akafikiria kidogo. "Huyu vidonge atavitema. Achomwe."

Nikamwambia ampe uji kwanza.