Siku moja maishani mwangu: tarehe 5, siku ya kufunga MTUHA

Saa 1:00 asubuhi. Mvua ya usiku imeacha tope hadi mlangoni pa zahanati. Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji huku Tanga. Tuko watatu: mimi, Sista ambaye ni muuguzi mkunga, na mama mhudumu. Leo ni tarehe 5 Mei. Taarifa ya Aprili ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, inatakiwa iwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ifikapo tarehe 7, ili wilaya nayo imalize kuingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kabla ya tarehe 15. Kwa barabara hii na masika haya, tarehe 7 kwangu maana yake ni kesho asubuhi.

Saa 2:00. Foleni kwanza. Wagonjwa tisa, sita kati yao homa. Nawaona, naandika kila mmoja kwenye Kitabu namba 5, kile cha wagonjwa wa nje. Nakiangalia kwa jicho la leo mchana: kila nitakachokiandika ovyo sasa nitakitafuta kwa tochi mwezi ujao.

Saa 4:30. Foleni imepungua, tunaanza kuhesabu. Mama mhudumu anasoma mstari kwa mstari, mimi napiga vijiti kwenye karatasi ya kujumlishia, vinne na cha tano kinavikata. Tukifika mwisho, jumla ya wagonjwa wa nje kwa jinsia ni 371, kwa umri ni 370. Mgonjwa mmoja hana umri.

Tukarudi nyuma kurasa kumi na nne kumtafuta. Ni mtoto wa tarehe 19, na kwenye safu ya umri nimeandika "6" peke yake. Miezi sita huwa tunaandika 6/12, na mama mhudumu alipoisoma ile 6 alisita, nami sikupiga kijiti popote. Miaka sita au miezi sita? Uzito ndio ulionisaidia: kilo 7. Basi ni miezi sita, na anaingia kundi la mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1. Mwandiko ni wangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Saa 6:00. Chai ya saa nne imegeuka ya saa sita. Nakunywa nikiangalia malaria.

Machi tulipima watu 190 kwa kipimo cha haraka, tukawakuta 76 na vimelea. Aprili tumepima 120, waliokutwa navyo 60. Ukitazama namba hiyo ya mwisho tu, malaria imeshuka kutoka 76 hadi 60, katikati ya masika, mbu wakiwa wanatuimbia mpaka mchana. Kalamu inavutwa na ile sentensi tuliyoizoea wote: "Malaria imepungua kutokana na jamii kuhamasika kutumia vyandarua." Nimeshaisoma kwenye taarifa nyingi, na nakiri nimewahi kuiandika.

Nikafungua leja ya stoo. Tulianza Aprili na boksi tatu, kila moja vipimo 25. Ziliisha tarehe 14. Nyingine zilipatikana tarehe 25, na hadi mwisho wa mwezi tukatumia mbili. Jumla vipimo 125 vimetoka stoo, wakati rejesta ina majibu 120. Vitano viko wapi? Ni vile ambavyo mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, haukutokea. Kipimo kisicho na mstari wa C ni batili hata kama mstari wa T, ule wa malaria, umewaka, unatupa na kupima upya. Sista aliviandika pembeni kwa penseli, tarehe na idadi, tukavikuta vyote vitano. Leja na rejesta zikapatana.

Sasa picha imebadilika. Siku 10, tarehe 15 hadi 24, hatukuwa na kipimo hata kimoja. Waliokuja na homa siku hizo wengine tuliwapa rufaa kituo cha afya, wengine 31 tuliwapa dawa mseto kwa dalili tu, nao wako kwenye mstari wa malaria bila kipimo. Machi mstari huo ulikuwa sifuri.

Ukigawa waliokutwa na vimelea kwa waliopimwa, Machi ni asilimia 40, Aprili ni asilimia 50. Idadi imeshuka, uwiano umepanda.

Saa 7:30. Sista anataka tuandike "malaria imeongezeka".

"Dokta, nusu ya waliopimwa wanayo! Unataka nini tena?"

Nikamkumbusha kwamba boksi la mwisho lilipobaki tulianza kubana. Tulipima watoto na wenye homa kali, watu wazima wenye mafua tukawaacha. Ukichagua wa kupima, lazima uwapate wengi. Kwa hiyo asilimia 50 nayo haisemi kweli yote. Wala siwezi kuwajumlisha wale 31 na 60 nikapata 91, maana sijui wangapi kati yao walikuwa na malaria kweli. Tulibishana hadi mgonjwa wa kushonwa kidole akatutenganisha.

Saa 8:30. Chanjo, haraka. Penta 1, yaani dozi ya kwanza, watoto 11; Penta 3, dozi ya tatu ya wiki 14, watoto 14. Kompyuta ya wilaya itapiga kelele, kwa sababu kwa kawaida wanaoanza ni wengi kuliko wanaomaliza. Sista hakuhitaji hata kufungua kitabu: Machi kliniki ya mkoba haikuvuka mto, watoto watano wa ng'ambo waliokuwa wafikishe wiki 14 mwezi ule wamechanjwa Aprili. Mstari mmoja wa maelezo, tumemaliza.

Saa 9:15. Naandika maelezo ya malaria. Nafasi ya fomu ni ndogo kuliko kiganja, nikaongeza karatasi:

"Waliopimwa wamepungua kutoka 190 hadi 120 kwa sababu vipimo vilikosekana siku 10 (tarehe 15 hadi 24). Wagonjwa 31 walitibiwa bila kipimo. Vipimo 5 vilikuwa batili. Kabla ya kuisha tulipima kwa kuchagua. Takwimu hizi zisitumike kuonyesha kupanda wala kushuka kwa malaria."

Kisha kuna jambo linaloniuma zaidi. Vipimo viliisha kwa kosa letu: oda tuliipiga kwa kutazama matumizi ya miezi ya kiangazi. Sasa nikiomba kwa kutumia 125 za Aprili, nitarudia kosa lilelile, maana 125 ni matumizi ya siku 20. Hesabu yake ni 125 mara 30, gawa kwa 20: karibu vipimo 188 kwa mwezi. Ndiyo namba niliyoibeba kwenye fomu ya kuomba, na kwenye karatasi ya maelezo nikaonyesha ilivyopatikana, asije mtu akaikata akidhani nimejiongezea.

Saa 10:40. Sahihi, muhuri, nakala moja kabatini. Kijana wa bodaboda anapitisha bahasha kesho alfajiri, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili.

Saa 12:10 jioni. Nimempigia mratibu wa MTUHA wilayani kumtaarifu, nikamsomea namba kuu.

"Malaria sitini? Umeshuka, kaka, hongera."

"Bahasha ikifika, anza na ile karatasi ya nyuma."

Akacheka. Akauliza kama nimekumbuka kujaza siku ambazo bidhaa haikuwepo kwenye fomu yenyewe, kwa sababu karatasi ya nyongeza haiingii kwenye mfumo. Sikuwa nimejaza. Nikarudi ndani, nikawasha taa ya sola, nikafungua nailoni zote mbili.